Mita 600 za mfereji na mvua ya usiku: jinsi Mama Kapita alivyoikata kazi upya

KABARE – Jumanne jioni ya wiki ya kwanza, hesabu ilikuwa nzuri. Wafanyakazi 20 walikuwa wamechimba siku mbili kwenye barabara ya udongo inayoshuka juu ya mgongo wa kilima, katika teritwari ya Kabare, jimbo la Kivu Kusini, na mita 200 hivi za mfereji zilikuwa wazi. Kazi waliyopewa ilikuwa mita 600 kwa siku 12 za kazi. Theluthi moja kwa siku mbili! Shefu wa kazi aliandika namba hiyo, akapanda pikipiki na kurudi mjini akiwa na furaha.

Usiku ule mvua ilinyesha. Wakaaji wa huku wanaijua mvua ya mwezi wa kumi: inaanza kwa upepo, inapiga saa mbili au tatu, halafu inaacha kimya. Jumatano asubuhi wafanyakazi walipofika na majembe yao, ile theluthi moja ilikuwa imebaki kwenye karatasi tu. Mashimo yalikuwa yamejaa maji mekundu. Udongo waliouchimba, ambao ulikuwa umerundikwa kwenye ukingo, ulikuwa umerudi ndani. Kibaya zaidi, maji yalipokosa njia yalikuwa yametoka kwenye mashimo, yakaingia katikati ya barabara, yakafuata alama za magurudumu na kukata mitaro miwili mirefu kuelekea bonde. Kamio moja iliyobeba mihogo ilikuwa imekwama chini kabisa, na vijana wa barieri ya mvua walikuwa wamefunga njia mapema asubuhi. Watu waliotaka kwenda soko walishuka kwa miguu.

Kwa hiyo barabara ilikuwa imeharibika kuliko kabla ya kazi kuanza. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Lililokosewa ni namna kazi ilivyogawanywa.

Shefu alikuwa amegawa jinsi watu wengi wanavyogawa. Alichukua mita 600, akagawa kwa watu 20, akapata mita 30 kwa kila mtu. Akatembea barabarani akipiga vijiti, na kila mmoja akaonyeshwa sehemu yake: hii yako, hii ya mwenzako, mmalize kabla ya wiki mbili kwisha. Inaonekana ni haki, maana kila mtu ana kipande sawa na mwingine. Lakini kila mtu akaanza pale alipopenda ndani ya kipande chake. Mmoja alianzia juu, mwingine katikati penye kivuli cha mti, mwingine chini. Baada ya siku mbili kulikuwa na mashimo 20 yasiyoungana, na kila shimo lilikuwa na ukuta wa udongo upande wa chini. Mfereji wenye ukuta mbele ni kisima tu.

Kapita wa kundi hilo ni mama wa watoto watano, ambaye wafanyakazi wanamwita Mama Kapita tu. Amefanya kazi za barabara za mikono kwa miaka mingi, kwanza kama mchimbaji, halafu kama mshika kamba, ndipo akawa kapita. Siku ile ya Jumatatu alikuwa amemwambia shefu kwamba mgawo ule hautafaa. Alijibiwa kwamba mgawo umekwisha kuandikwa. Jumatano asubuhi shefu alipoitwa kwa simu na kufika, alisimama muda mrefu mbele ya mashimo yale. Kisha akasema:

– Mama, sasa tufanye namna gani?

– Papa shefu, leo hakuna mtu atachimba mfereji. Leo tunaziba barabara, halafu tunapima.

Na ndivyo ilivyokuwa. Watu 17 walitumia siku nzima kujaza ile mitaro miwili kwa udongo na kuushindilia. Watatu waliobaki walipewa kazi nyingine ambayo wenzao waliiona kama mchezo. Mama Kapita alichagua kijana mwenye nguvu, mama wa umri wa kati, na mzee mmoja. Aliwapeleka mahali ambapo udongo ulikuwa bado haujaguswa, akafunga kamba kati ya vijiti, akawaambia wachimbe mfereji wa kweli, kwa mwendo wao wa kawaida, tangu saa moja asubuhi mpaka saa sita. Hakuna mashindano, hakuna zawadi.

Mfereji wa kweli, katika kazi hii, una umbo lake. Chini una upana wa sentimita 40, juu una mita moja, na kina chake ni nusu mita. Kwanza unachimbwa wima kama sanduku, kwa upana ule wa chini, mpaka kina kitimie. Baadaye kuta zinalazwa kwa mteremko ili zisianguke. Mama Kapita ana fremu ya mbao yenye umbo hilo hilo, anaishusha ndani ya mfereji na kuona kama inakaa. Isipokaa, bado. Kwa umbo hilo, kila mita moja ya mfereji inatoa udongo wa theluthi moja ya mita ya ujazo na kidogo zaidi. Hauonekani mwingi mpaka uuinue kwa beleshi.

Saa sita ilipofika kijana alikuwa na mita saba, mama mita tano na nusu, mzee mita nne na nusu. Mama Kapita aliandika kwenye daftari lake la shule: mita tano. Shefu aliuliza kwa nini asiandike mita saba, kwa kuwa imeonekana kwamba inawezekana. Jibu lake lilikuwa fupi: kijana yule akiwa na homa kesho, nani atachimba saba? Kipimo cha siku kinawekwa kwa mtu wa kati, tena kidogo chini ya uwezo wake, kwa sababu hiyo saa sita ya mchana si mwisho wa zamu. Zamu inakwisha saa nane. Zile saa mbili zinazobaki si za kupumzika, na tutaona zilitumika wapi.

Hapo juu kabisa, mita 90 za mwisho, kulikuwa na jambo lingine. Wale watatu waliopewa vipande huko kwenye mgawo wa kwanza walikuwa karibu hawajafanya kitu, na wenzao walikuwa wameanza kuwacheka. Mama Kapita alipanda mwenyewe na mtaimbo, akapiga. Chini ya udongo wa kiganja kimoja kulikuwa na mawe, mawe yanayovunjika kwa vipande, si mwamba mgumu, lakini jembe halifanyi kitu pale. Alimjaribisha mtu mmoja aliyewahi kuchimba madini, na kwa pioshi na mtaimbo alipata mita mbili kwa zamu. Mita mbili dhidi ya tano. Mgawo wa mita 30 kwa kila mtu ulikuwa umewapa watu hao watatu kazi ya siku 15 ndani ya siku 12, wakati wenzao wa chini walipewa kazi ya siku sita. Halafu wakaitwa wavivu.

Jumatano jioni, shefu na Mama Kapita walikaa kwenye benchi la duka la mkate na kufanya hesabu upya. Zilibaki zamu tisa: Alhamisi mpaka Jumamosi, na wiki moja nzima ya siku sita. Mita 600 zilikuwa bado mita 600, isipokuwa yale mashimo ya zamani kwenye udongo laini, yapata mita 180, ambayo sasa yalihitaji kusafishwa na kuunganishwa. Kusafisha ni rahisi kuliko kuchimba, kwa hiyo waliweka mita mbili za shimo la zamani kuwa sawa na mita moja mpya.

Wafanyakazi 20 hawakuwa tena wachimbaji 20. Tisa wangechimba udongo na watatu mawe. Watatu wengine wangesambaza udongo uliochimbwa, mmoja nyuma ya kila wachimbaji watatu. Wawili wangefyeka majani mbele, wawili wangefungua njia za kutolea maji na kupanga mawe ndani ya mfereji, na yule mzee angefunga kamba na kupiga vijiti siku moja kabla ya wachimbaji kufika. Hilo la mzee ni dogo lakini linaokoa saa nzima. Pale ambapo kamba inafungwa asubuhi, wachimbaji tisa wanasimama wakitazama mtu mmoja akipima.

Hesabu ilitoa jibu ambalo shefu hakulipenda. Udongo laini ulihitaji siku 84 za mtu mmoja, na wachimbaji tisa kwa zamu tisa ni 81. Hapo upungufu ulikuwa mdogo, na wale wafyekaji wawili wangemaliza kufyeka baada ya siku tatu na kuziba pengo. Lakini mawe yalihitaji siku 45, na watu watatu kwa zamu tisa ni 27 tu. Mita 36 za mawe zingebaki juu ya kilima.

– Papa shefu, mita hizo hazitakwisha. Afadhali ulijue leo kuliko siku ya mwisho.

– Mkataba unasema 600.

– Mkataba haujachimba pale juu.

Shefu alisema ataongea na wakubwa wake. Aliuliza kwa nini wasiongeze watu kwenye mawe, na jibu likawa rahisi: mitaimbo ilikuwa mitatu. Mtu wa nne angesimama na jembe mkononi. Aliahidi kutafuta miwili zaidi, na kwa kweli ilifika Jumatatu.

Ila hesabu ya mita ni nusu ya kazi, na pengine ni nusu iliyo rahisi. Nusu nyingine Mama Kapita aliifanya Jumatano hiyo hiyo kabla ya giza, akishuka kilima kwa miguu toka juu mpaka chini akiwa na mzee wa kamba. Hawakutazama mfereji. Walitazama pembeni, mahali ambapo maji yanaweza kutoka barabarani na kwenda zake bila kuharibu kitu. Barabara hii inapita juu ya mgongo wa kilima, hivyo upande huo ardhi inashuka, na inawezekana kukata njia fupi ya kutokea, yenye mshazari, inayochukua maji ya mfereji na kuyamwaga kwenye majani. Walipata sehemu saba. Hazikuwa na umbali sawa: kutoka moja mpaka nyingine palikuwa na mita 60, mahali pengine 95, pengine 110. Mawe ya juu, mita 90, yalikuwa na njia yake yenyewe.

Sehemu moja ilileta maneno. Njia ya kutokea ingeingia moja kwa moja kwenye shamba la maharagwe la bibi mmoja mjane. Alitoka nyumbani akasimama kwenye ukingo wa shamba.

– Mwanangu, maji ya barabara yote unayaleta kwangu?

– Hapana, bibi. Njoo tutazame pamoja.

Walishuka pamoja mita 12, wakakuta kona yenye majani ya tembo yaliyoota kwa wingi, ambayo bibi mwenyewe anakata kwa ajili ya mbuzi. Maji yangekaa pale vizuri, na majani yangepunguza nguvu yake. Walihamisha kijiti. Mazungumzo yale yalichukua karibu saa nzima, na mtu angeweza kusema ni saa iliyopotea. Lakini njia ya kutokea ambayo mwenye shamba hakuikubali huzibwa usiku kwa mawe matatu na jembe moja, na sehemu yote ya mfereji iliyo juu yake inageuka kisima tena.

Baada ya hapo mgawo ulikuwa karibu umejiandika wenyewe. Kazi iligawanywa kwa maji. Vipande saba, kila kimoja kinaanzia kwenye njia ya kutokea na kupanda juu, hakuna anayeanzia katikati. Kila zamu, wachimbaji tisa wanapanga mstari mmoja, wa chini kabisa akiwa kwenye mdomo wa njia ya kutokea ambao tayari umefunguliwa, na kila mmoja ana mita zake tano juu ya mwenzake. Wakimaliza, mita zao zimeungana na maji yana njia. Hata kama kazi ingesimama siku hiyo hiyo na kampuni ikaondoka, sehemu ile ingebaki mfereji.

Alhamisi walichukua kipande cha chini kabisa, mita 60, nusu yake mashimo ya zamani. Ukihesabu mbili kwa moja, ni sawa na mita 45 mpya, yaani watu tisa kwa mita tano. Zamu moja kamili. Kipande kilichofuata kilikuwa na mita 95, ambazo haziwezi kuingia ndani ya siku moja. Hapo shefu aliogopa, akadhani kipande kisichomalizika kitarudisha balaa la Jumanne. Lakini kipande kirefu kinaweza kukatwa mahali popote, ilimradi umeanzia chini. Sehemu iliyochimbwa inatoa maji, na sehemu isiyochimbwa bado ni ardhi ya kawaida. Kinachohitaji ulinzi ni kile kichwa cha juu, pale mfereji unapoishia ghafla, kwa maana maji yanayoingia hapo yanakula ukuta. Kabla ya kuondoka, wanapanga mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu kwenye ukingo ule, na kesho yake wanayatoa.

Sasa tuje kwenye zile saa mbili, kuanzia saa sita hadi saa nane. Kwa maoni ya watu wengi, mchimbaji akifikisha mita tano amemaliza. Kwa Mama Kapita bado, na hapo ndipo alipokuwa mkali. Mita tano zimekwisha pale ambapo fremu ya mbao inakaa kila sehemu, sakafu ya mfereji imeungana na ya jirani bila ngazi, na hakuna udongo uliobaki kwenye ukingo. Udongo mzuri unatupwa katikati ya barabara na kusambazwa ili barabara iwe na mgongo, kisha unashindiliwa. Ule wenye mizizi na majani unapelekwa mbali upande wa chini. Msambazaji mmoja nyuma ya wachimbaji watatu daima anachelewa kidogo, kwa hiyo wachimbaji waliomaliza wanashika buruweti na kumsaidia. Rundo la udongo lililolala ukingoni usiku wa mvua ni kazi ya jana inayorudi kufanywa kesho, mara hii ikiwa tope.

Ijumaa kulizuka ubishi juu ya jambo hilo. Kijana yule wa mita saba alimaliza tano zake saa tano asubuhi, akasafisha, fremu ikakaa, udongo wake ukasambazwa. Akafunga jembe lake na kutaka kwenda shambani kwake. Shefu, ambaye siku hiyo alikuwepo, alimwambia aongeze mita mbili kwa kuwa jua bado liko juu. Mama Kapita alimvuta shefu pembeni. Walioshuhudia wanasema aliongea polepole sana. Ukimwongezea leo, kesho atamaliza saa nane kama wengine, na keshokutwa hakuna atakayemaliza mapema tena, kwa sababu kila mmoja amejifunza kwamba anayemaliza anaadhibiwa. Kipimo kikiwa kidogo, kinaongezwa kesho asubuhi, kwa wote, kabla ya jembe la kwanza. Hakiongezwi katikati ya siku. Kijana alikwenda shambani.

Ana namna yake ya kujua kama kipimo kimekosewa. Ikiwa nusu ya watu wamemaliza saa nne, ni kidogo. Ikiwa saa nane imefika na zaidi ya wawili au watatu bado wako ndani ya mfereji, ni kikubwa, au udongo umebadilika na hakuna aliyeona. Kwenye zamu ya Ijumaa watu wawili walichelewa, wote wawili wakiwa jirani. Alishuka akakuta mizizi ya mti wa mkaratusi uliokatwa zamani. Hakuwaambia wakaze. Aliwapa shoka, na aliandika mita nne kwa wale wawili badala ya tano, na siku yao ikahesabiwa nzima. Malipo yanafuata kipimo kilichomalizika, kwa hiyo kipimo kisicho cha haki ni mkate wa watoto. Hilo wafanyakazi wanalitazama kwa jicho kali kuliko shefu anavyotazama mita.

Jumamosi jioni, mita 155 zilikuwa zimekamilika kutoka chini, vipande viwili kamili. Kwenye karatasi ya shefu ilikuwa ni aibu: Jumanne aliripoti 200, sasa baada ya siku sita anaripoti 155 na mita sita tu za mawe kwa kila mchimba mawe huko juu. Hakutaka kutuma ripoti. Inasemekana aliituma usiku, bila maelezo.

Jumapili usiku mvua ilirudi, na haikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Kapita alikuwa tayari barabarani, kabla ya wengine, akiwa na mwavuli na viatu vya mpira. Alianzia chini. Kipande cha kwanza kilikuwa na tope jembamba kwenye sakafu, kama vidole viwili, na maji yalikuwa yametoka kwa njia yake mpaka kwenye majani. Barabara iliyo kando yake ilikuwa imelowa lakini haikukatwa. Kipande cha pili kilikuwa hivyo hivyo mpaka katikati, na hapo alisimama.

Ukuta wa mfereji ulikuwa umeliwa, shimo la kutosha kuingiza ndoo. Sababu aliiona mara moja. Mahali penye mteremko mkali, maji yanayopita ndani ya mfereji yanapata mbio na kuchimba sakafu, ndiyo maana ndani yake hupangwa vizuizi vidogo vya mawe, kwenye mteremko mkali kila mita tano hivi, penye mteremko mdogo kila mita kumi au 15. Kizuizi hakizibi maji, kinayapunguzia mwendo tu. Kwa hiyo lazima kiwe chini katikati na juu pembeni, kama sahani. Kile cha pale kilipangwa sawasawa kama ukuta wa nyumba, kizuri kwa macho. Maji yalipokuta ukuta yalizunguka pembeni na kula udongo. Wale wawili wa mawe walifanya vizuizi tisa siku ile ya Jumamosi, na vinane vilikuwa sahihi. Cha tisa kilipangwa saa nane kasoro, wakati kila mtu alikuwa anafunga mzigo.

Kukitengeneza kulichukua watu wawili dakika 40. Hiyo ndiyo gharama yote ya mvua ya Jumapili. Ile ya Jumanne ilikula siku nzima ya watu 17, bila kuhesabu mihogo ya yule mwenye kamio. Tangu siku hiyo Mama Kapita aliweka kwamba vizuizi vya zamu vipangwe kabla ya saa saba, na yeye mwenyewe apite na fremu saa saba kamili. Kama kuna kizuizi hakijawahi, mfereji wa sehemu ile hauhesabiwi, hata kama umechimbwa vizuri.

Wiki ya pili ilikwenda bila maneno mengi. Mitaimbo miwili iliyofika iliwawezesha wafyekaji wa zamani kwenda kwenye mawe baada ya kuziba pengo la udongo. Mawe yaliyovunjwa juu yalishushwa kwa buruweti na kuwa vizuizi vya chini, hivyo hakuna aliyelazimika kutafuta mawe mtoni. Jumatano mvua ilinyesha mchana, saa saba, kazi ikasimama, na wachimbaji wanne hawakuwa wamesambaza udongo wao wote. Walikubaliana kurudi saa moja kabla ya zamu ya kesho. Walirudi.

Jumamosi saa nane, zamu ya mwisho, mita 510 za udongo zilikuwa zimekamilika zote na mita 72 za mawe. Zilibaki 18, juu kabisa ya kilima, pale ambapo maji bado ni machache kwa kuwa hayajapata mahali pa kukusanyika. Hilo halikutokea kwa bahati. Kwa kuwa kila kipande kilianzia chini, kilichokosa muda kilikuwa kile ambacho barabara ingeweza kukingojea.

Shefu alikuja na karatasi ya kupokea kazi. Alitembea kilima chote na fremu mkononi, mara nyingine akiishusha mwenyewe ndani ya mfereji. Juu alihesabu vijiti vya zile mita 18, akauliza zinahitaji nini.

– Watu watano, mitaimbo mitano, zamu mbili.

– Jumatatu na Jumanne?

– Jumatatu na Jumanne, Papa shefu. Na mzee wa kamba aje Jumapili jioni.

Aliandika hivyo. Jumanne iliyofuata, saa sita na nusu, watu watano walishuka kilima wakiwa wamebeba mitaimbo begani. Mmoja wao alikuwa yule kijana wa mita saba, ambaye kwenye mawe anapata mbili kama wengine.